Msiniite Shujaa, Nipeni Jumamosi

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia yetu. "Wewe ni shujaa wetu. Mungu akuzidishie nguvu." Ulitoka kwa kaka yangu mkubwa, ukafuatwa na mikono ya kuomba kutoka kwa dada yangu wa Mombasa, kisha moyo mwekundu kutoka kwa ndugu yetu wa tatu ambaye yuko Doha. Wakati huo nilikuwa nimeinama juu ya beseni bafuni, nikisugua shuka la tatu tangu usiku wa manane. Nilisoma, nikaweka simu juu ya tangi la choo, nikaendelea kusugua.

Nina ugomvi na neno hilo, shujaa. Ni malipo ambayo hayamgharimu mtu hata shilingi. Ukishamwita mtu shujaa, huna haja tena ya kumuuliza kama amelala, kwa sababu shujaa halali. Na yeye mwenyewe akishalikubali, anaanza kuona aibu kusema kwamba mgongo unauma. Ninaandika haya kuwaambia wenzangu, hasa mabinti wa mwisho na wale ambao familia iliamua kwamba "hawana shughuli nyingi", kwamba mtu anayeuguza huchakaa kabla hajaanguka, kwamba kuchakaa huko kuna dalili zinazoonekana mapema, na kwamba anayeumia wa kwanza si yeye bali ni mgonjwa wake. Kwa hivyo kuweka mipaka si ubinafsi. Ni sehemu ya dawa ya mgonjwa, sawa na tembe za presha.

Nimechagua neno kuchakaa kwa makusudi. Mtaani tunasema "nimechoka mbaya", lakini uchovu unaisha ukilala. Ninachozungumzia ni kile kinachotokea kwa shuka linalofuliwa kila siku: halichaniki ghafla. Linaanza kuwa jepesi katikati, unaona mwanga upande wa pili, na bado unalitandika.

Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka sitini na mitatu. Upande wa kulia wote ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakapotea. Anaelewa karibu kila kitu unachomwambia, lakini kinywani yamebaki maneno machache: "eeh", "la", na jina la marehemu dada yake ambalo analitumia kwa kila kitu, kuanzia chai hadi runinga. Alilazwa wiki tatu, kisha tukaambiwa tumpeleke nyumbani. Mkutano wa familia ulichukua dakika ishirini. Kaka ana watoto watatu na kazi ya ofisi. Dada yuko Mombasa na ameolewa. Huyu mwingine yuko Doha. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mume, sina mtoto, nachora mabango na kadi za harusi kwa kompyuta katika nyumba ya chumba kimoja na sebule kule Umoja, orofa ya tatu. "Wewe si unafanyia kazi nyumbani?" Kaka aliuliza, na ikawa imepita. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza, nami sikusema kwamba sitaweza. Huyu ni mama yangu. Nani anasema la?

Muuguzi wa wodi alinifundisha kazi yote kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili ngozi isikandamizwe mahali pamoja. Mlishe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na umwache ameketi nusu saa baadaye, kwa sababu koo lililolegea linaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Usimvute kamwe kwa mkono uliolegea, kwa maana bega lake halina misuli ya kulishikilia. Nyoosha vidole, kiwiko na goti mara mbili kwa siku. Dawa kwa wakati. Nenda salama.

Miezi tisa baadaye niliandika kazi hiyo kwenye karatasi na kuijumlisha, na ningeomba kila anayeuguza afanye hivyo mapema kuliko mimi. Kulisha mara nne, dakika arobaini na tano kila mara: saa tatu. Kugeuza mara kumi na mbili, dakika kumi kila mara: saa mbili. Kubadilisha nepi mara tano: saa moja na dakika arobaini. Kumwogesha, saa moja. Mazoezi, saa moja. Kufua, saa moja na nusu. Kumpikia chakula chake laini, saa moja na nusu. Jumla ni saa kumi na moja na dakika arobaini kwa siku, Jumapili ikiwemo, Krismasi ikiwemo. Na saa hizo hazikukaa pamoja. Zilikuwa zimetapakaa kwenye saa ishirini na nne kama mchele uliomwagika, kiasi kwamba hakukuwa na sehemu yoyote ya usiku ambapo ningeweza kulala zaidi ya dakika mia na kumi mfululizo.

Sasa nije kwa dalili, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la kuelewa. Niliziona zote. Lakini kila moja niliipa jina la dhambi.

Ya kwanza ilikuwa usingizi. Nilikuwa nikitega kengele ya simu: saa tano usiku, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Karibu na mwezi wa sita nilianza kuamka kabla ya kengele nikiwa nimesikia Mama akiita, na nikifika kitandani kwake namkuta amelala fofofo. Hata usiku mmoja shangazi alipokuja kulala kwetu, niliamka mara nne bila sababu. Mwili ulikuwa umesahau namna ya kuacha lindo. Kisha, mwezi wa nane, mambo yakageuka. Nikaanza kuzima kengele bila kuamka. Naikuta asubuhi imezimwa, na mkono ulioizima ni wangu, na sikumbuki. Mama amelalia ubavu uleule tangu saa saba. Nilijiambia: wewe ni mvivu. Nikaongeza kengele nyingine.

Ya pili ilikuwa mikono yangu. Mtu anayeuguza hutumia mikono kuliko maneno, na mikono husema ukweli kabla ya mdomo. Nilianza kumpangusa Mama kwa haraka. Nilianza kumwekea kijiko cha pili kabla hajameza cha kwanza. Siku moja asubuhi, mteja alikuwa amenipigia mara tatu akitaka bango lake, Mama akawa amechafua shuka ambalo nilikuwa nimelitandika dakika tano zilizopita, na nikamvuta aketi. Nilimvuta kwa mkono wa kulia. Ule ambao niliambiwa kamwe. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya mazishi ya baba. Nilimwomba msamaha hadi jioni. Na jina nililojipa ni hili: mimi nina roho mbaya.

Ya tatu ilikuwa ngumu zaidi kuiona kwa sababu ilifanana na utulivu. Nilianza kuwa mbali naye hata nikiwa nimemshika. Zamani, Mama akimwita kila mtu kwa jina la dada yake, tungecheka sote wawili mpaka machozi. Sasa nilikuwa nikisikia tu kelele. Nilianza kukaa chooni dakika ishirini na simu, mlango umefungwa kwa ndani, bila haja yoyote, nikitazama video za watu wanaosafisha zulia. Marafiki wakiniandikia, naacha ujumbe bila kujibu, kisha naona aibu ya kuchelewa, kisha sijibu kabisa. Na usiku mmoja, nikimgeuza, wazo lilipita: akipumzika leo, nami nitapumzika. Lilipita upesi kama panya, lakini nililiona. Sikulala tena. Nilijiambia nimekuwa muuaji.

Mtaniambia nilipaswa kuomba msaada. Niliomba. Niliomba subira. Jumapili moja nilimwambia mama mmoja wa kanisa kwamba nimechoka, akanishika mabega na kunikumbusha kwamba mama ni mmoja. Najua ni mmoja. Binti wake aliyekuwa nyumbani pia alikuwa mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Kilichonifungua macho si mahubiri. Ni doa. Nilipokuwa nikimwogesha niliona mahali chini kabisa ya mgongo, juu ya mfupa wa kifandugu, ngozi imekuwa nyeusi kuliko pembeni, inang'aa kidogo, na nikigusa pana joto. Vitabu vingi huandika kwamba kidonda cha kulalia huanza na wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachotafuta ni mahali palipoiva rangi, penye joto au ugumu usio wa kawaida, na ambapo rangi haibadiliki ukibonyeza kwa kidole. Mimi sikujua. Niliona doa, nikapaka mafuta. Siku nne baadaye ngozi ilikuwa imefunguka, kidonda ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Kwenye kliniki, muuguzi mmoja wa makamo alikisafisha, akanionyesha namna ya kumlaza Mama kwa pembe na mto nyuma yake ili uzito usikae pale. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa familia yetu aliyekuwa ameniuliza.

"Nani anakupokea zamu?"

Sikuelewa. Nikamwambia hakuna zamu, niko mimi.

"Sisi hapa tukimaliza zamu tunaenda nyumbani," akasema, akiendelea kufunga bendeji. "Tena tumesomea. Sasa wewe, zamu yako inaisha lini?"

Nilitaka kumjibu nikakuta nalia mbele ya wagonjwa wengine.

Kidonda kile ndicho hoja yangu yote. Hakikutokana na roho mbaya wala uvivu. Kilitokana na kengele iliyozimwa na mkono uliolala. Dalili zangu zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwenye mwili wa Mama kabla mimi mwenyewe sijaanguka: usingizi wangu kwenye ngozi yake, haraka yangu kwenye bega lake, umbali wangu kwenye ukimya wake. Kwa hivyo ukitaka kujua kama dada yako anachakaa, usimtazame usoni, maana atatabasamu. Tazama kama dawa zinachanganyika. Tazama kama mgonjwa amepungua uzito kwa sababu anayemlisha hana tena uvumilivu wa dakika arobaini na tano. Tazama kama anayeuguza ameacha kuhudhuria kliniki yake mwenyewe, maana wengi wetu tunapima presha ya mzazi kila siku na yetu hatujaigusa mwaka mzima.

Hali hii haikuanza nasi. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Steven Zarit, na wenzake walitoa kipimo cha mzigo wa mtu anayeuguza ndugu yake. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, na kila moja unajipa alama kutoka 0, yaani kamwe, hadi 4, yaani karibu kila wakati. Yanauliza mambo ambayo kwetu mtu hawezi kuyatamka mezani: kama unamwonea mgonjwa hasira, kama unatamani mtu mwingine amchukue, kama unahisi unapaswa kufanya zaidi ya unavyofanya. Nilipoyasoma nilishangaa. Wazo langu la usiku, lile lililonifanya nijiite muuaji, lina ndugu zake humo ndani, limepewa namba kama swali la kawaida.

Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza kuchakaa kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi, na kuona kazi yako haina matokeo. Ni picha yangu kabisa. Kisha linaongeza kwamba hali hiyo inahusu mahali pa kazi tu, isitumiwe kwa sehemu nyingine za maisha. Basi nauliza: saa kumi na moja na dakika arobaini zangu ni nini? Ningekuwa nimeajiriwa kumuuguza mama wa mtu mwingine, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ingenipa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa sababu ni mama yangu mwenyewe, nilipewa emoji.

Hata Katiba yetu, ibara ya 57, haikumtupia binti mmoja mzigo. Inasema wazee wana haki ya kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yao na kwa serikali. Serikali tunajua ilipo. Mzee aliyetimiza miaka sabini na kuandikishwa anatazamia shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na Mama hajafika huko. Lakini tuanze na hilo neno la kwanza. Familia. Katiba haikusema kitinda mimba.

Najua jibu, nimeshalisikia. "Sisi ni Waafrika, hatutupi wazazi wetu." Mimi nami sisemi tuwatupe. Ila wanaolisema hilo wanasahau jinsi lilivyofanya kazi. Nyanya yangu alipougua, kule nyumbani kulikuwa na mabibi wawili wa wajomba, binamu wanne wa kike, jirani aliyeleta maziwa, na uwanja wa kumtoa akae juani. Mikono ilikuwa mingi, na aliyechoka aliondoka kwenda shambani bila kuaga. Ukichukua desturi ile, ukaondoa mikono yote isipokuwa miwili, ukaipandisha orofa ya tatu isiyo na lifti, hujahifadhi mila. Umehifadhi lawama peke yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye Doha au Mombasa anauona mwepesi kwa sababu hajaubeba.

Basi nikaweka mipaka. Mara ya kwanza niliharibu. Niliandika kwenye kikundi: "Jamani nimechoka, nisaidieni kidogo." Nikapata mikono ya kuomba kumi na miwili na M-Pesa ya shilingi elfu moja. Ombi lisilo na saa wala jina ni kama barua isiyo na anwani. Kila mtu aliona linamhusu mwingine.

Mara ya pili nilipiga picha ile karatasi ya saa kumi na moja na dakika arobaini, na picha ya kidonda, nikazituma bila maelezo. Baada ya saa moja niliandika mambo matatu. Kuanzia wiki ijayo, Jumamosi saa mbili asubuhi hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni, mimi siko. Kaka yuko, na mkewe akipenda. Pili, Mama hainuliwi na mtu mmoja tena. Dada na ndugu wa Doha watalipa mtu wa kuja kila asubuhi saa tatu tusaidiane kuogesha na kuinua, maana mgongo wangu ukienda, mtakuwa na wagonjwa wawili. Tatu, wageni wanapiga simu kabla, na anayekuja kumwona Mama saa ya chakula atashika kijiko.

Simu ililia hapohapo. "Sasa wewe mdogo wangu unataka kututupia Mama?" Kaka aliuliza.

"Situpi, Kaka. Nakupa zamu."

"Unajua mimi Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika."

Nilinyamaza ili asikie alichosema. Alikisikia.

Jumamosi ya kwanza nilibandika karatasi ukutani: saa za kumgeuza, namna ya kumketisha, dawa gani na saa ngapi, na mstari uliopigiwa chini kuhusu ule mkono wa kulia. Chini yake niliandika lini anipigie: akipaliwa na asitulie, akianguka, akipata homa, uso ukipinda upya au akiwa hawezi kuamka. Kwa haya, kwanza anapiga simu ya dharura, kisha mimi. Kwa mengine yote, karatasi inatosha. Alinipigia mara kumi na nne. Sukari iko wapi? Anasema "la", la maana yake nini? Nilipokea mbili za kwanza, kisha nikazima sauti. Hilo nalo ni mpaka, na lilikuwa gumu kuliko kutuma ule ujumbe.

Msitarajie niwaambie kwamba sikuona hatia. Niliiona kuanzia ndani ya matatu. Nilikuwa naenda kulala kwa rafiki yangu Rongai, na nilipofika mjini nilitaka kushuka nirudi. Nilijiona nimemwacha Mama kama mtu anayeacha mzigo stendi. Lakini niligundua kitu: hatia yangu haikuwa na uhusiano na kosa lolote. Nilipomvuta mkono niliona hatia, na hapo kweli nilikuwa nimekosa. Nilipokwenda kulala niliona hatia ileile, na hapo hapakuwa na aliyeumizwa. Kipimo kinachoonyesha namba moja kwa homa na kwa afya ni kibovu. Kwa hivyo sikungoja hatia iondoke ndipo niende. Nilienda nayo, ikakaa kiti cha pembeni. Nililala saa kumi na moja. Wiki ya tano ilikuwa imepungua sana, na sasa huja mara mojamoja kama mdeni.

Niliporudi Jumapili ile, Kaka alikuwa ameketi sakafuni, shati limelowa uji, macho mekundu. Alikuwa amemvalisha Mama nepi nyuma mbele, na Mama alikuwa akicheka mpaka kitanda kinatikisika. Kaka hakuniita shujaa. Aliniuliza, "Hivi kila siku ni hivi?" Nikamwambia ndiyo. Jumatatu alituma pesa za mtu wa asubuhi kwa mwezi mzima bila kukumbushwa. Kidonda kilichukua wiki sita kufunga.

Najua wapo wasomaji wasio na Kaka. Uko peke yako, kodi yenyewe ni shida, na ukisoma "nilidai Jumamosi" unaona naringa. Mpaka wako utakuwa mdogo, lakini uwe na saa na jina vilevile. Jirani akae naye Jumatano saa tisa hadi saa kumi na moja ukatembee. Wamama wa chama au jumuiya, badala ya kuleta unga na wimbo, walete mkono mmoja kwa asubuhi moja. Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Hupita majumbani, ana mashine ya presha, na anaweza kukupima na wewe. Na ikiwa huwezi kupata mtu wa usiku, muulize daktari kama ngozi na godoro la mgonjwa vinaruhusu kumgeuza kwa nafasi ndefu zaidi. Usiamue mwenyewe saa tisa usiku ukiwa umechoka. Si haki kwamba wewe upate saa mbili na mimi nipate siku mbili. Lakini saa mbili zilizo zako kweli ni bora kuliko ahadi ya "tutapanga".

Na kuna mahali mipaka haifiki. Mtu aliyechakaa akipumzika, hata kama ni kidogo, kitu hurudi: chakula kina ladha, anacheka. Ukipumzika mara moja, mbili, tatu, na bado kila kitu ni kijivu, au wazo la kufa linaanza kukaa badala ya kupita, lako au la mgonjwa, au unaogopa utamuumiza, hilo si jambo la ratiba tena. Mwone daktari, au piga 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mshauri. Usiende kulikiri kama dhambi. Nenda ulieleze kama maumivu ya tumbo: lilianza lini, linakuja mara ngapi.

Mama aliuza viatu vya mitumba Gikomba miaka ishirini na miwili, na kila Jumapili kibanda kilifungwa. Wateja walilalamika. Wengine walihamia kwa jirani. Hakufungua. Aliketi uani kwenye kigoda, miguu ndani ya karai la maji ya moto, na ukimuuliza chochote alisema leo hayuko. Jumamosi nikichukua mkoba, namwinamia na kumwambia, "Mama, leo siko." Ananitazama, anatafuta neno, ananipa jina la dada yake, kisha mkono wa kushoto unaupungia mlango.

Kwa hivyo wewe mwenye kaka, dada au binamu anayeuguza: leo usimwandikie kwamba ni shujaa. Mpigie umuulize zamu yake inaisha lini. Akikosa jibu, jibu ni wewe. Mwambie siku na saa utakayofika, na ufike.